Kusoma hidromita katika maziwa na katika tindikali ya betri: mwongozo kamili

Katika Mkoa wa Mwanza hidromita hukutwa zaidi mikononi mwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wapokeaji wa maziwa, wanaosimama kituoni alfajiri kusubiri madumu yanayotoka Misungwi, Magu na Kwimba. Wa pili ni mafundi betri, wanaohudumia magari, nyumba zenye umeme wa sola na wavuvi wa dagaa ambao siku hizi huwasha taa za betri badala ya karabai. Kifaa cha maziwa huitwa laktomita na cha betri huitwa hidromita ya betri, lakini vyote viwili hufanya kazi moja tu, yaani kuonyesha lita moja ya kimiminika ina uzito gani. Havisemi uzito huo umetokana na nini. Sehemu hiyo ni juu ya anayesoma, na hapo ndipo mfugaji mwaminifu huitwa mwizi, au betri inayoweza kupona hutupwa.

Mwongozo huu unaanza na kifaa chenyewe, unakaa muda mrefu kwenye maziwa kwa sababu huko mtu hunyimwa malipo kwa ajili ya namba, kisha unaingia kwenye betri.

Kifaa na namna kinavyopima

Hidromita ni mrija wa kioo uliozibwa pande zote, wenye tumbo pana chini na shingo nyembamba juu. Ndani ya tumbo kuna risasi au mchanga mzito wa kukifanya kisimame wima, na ndani ya shingo kuna karatasi yenye alama. Kikitumbukizwa, huzama mpaka kimiminika kilichosukumwa pembeni kiwe na uzito sawa na wa kifaa kizima, halafu hutulia. Katika kimiminika chepesi kitazama sana kabla ya kufikia usawa huo. Katika kimiminika kizito kitazama kidogo. Kwa hiyo namba ndogo ziko juu ya shingo na namba kubwa ziko chini, jambo ambalo huwachanganya wengi wanaoanza.

Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi ina uzito wa gramu 998. Lita ya maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa ina gramu 1,030 hivi, na lita ya tindikali katika betri iliyojaa chaji hukaribia gramu 1,265. Uzito huu wa ujazo mmoja ndio tunaouita densiti. Laktomita hufupisha namba hiyo kwa kuacha tarakimu za mwanzo: alama 30 maana yake ni densiti ya 1.030, na alama 27 ni 1.027. Hidromita ya betri huandika 1.265, au huandika 1265 bila nukta.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa Ziwa Victoria liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,130, kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya pwani kitasoma tofauti huku. Hakitasoma tofauti. Uzito wa kifaa na nguvu inayokielesha hubadilika pamoja, kwa hiyo mwinuko hauna neno. Chenye neno, na neno kubwa, ni joto.

Kabla ya kununua, tafuta kwenye karatasi ya shingoni maandishi yanayotaja joto ambalo kifaa kimepimiwa. Laktomita nyingi zimepimiwa nyuzi 20, lakini ziko za nyuzi 15 na ziko za nyuzi 27 na zaidi. Hesabu zote za hapa zinahusu ya nyuzi 20. Laktomita isiyotaja joto lake sishauri inunuliwe hata kama bei yake ni ya chini, kwa sababu hakuna namna ya kusahihisha usomaji wake.

Kifaa kipya, au cha zamani kilichowahi kuanguka, kithibitishwe. Pima gramu 40 za sukari nyeupe na gramu 460 za maji safi kwa mizani, koroga mpaka sukari yote iyeyuke, kisha poza mchanganyiko mpaka nyuzi 20 kwa kuuweka ndani ya beseni la maji yenye barafu. Mchanganyiko huo una densiti ya 1.030, na laktomita nzuri inayosoma densiti kwa nyuzi 20 itasimama kwenye 30 au karibu sana na hapo. Ikikosea kwa alama moja na nusu au zaidi, isitumike kumhukumu mtu. Chunguza pia kama ina ufa uliopitisha maji ndani, au kama karatasi ya alama imeteleza kutoka mahali pake. Ikiteleza, kifaa kinaelea sawasawa lakini namba zote ni za uongo.

Kupima maziwa, hatua kwa hatua

Unahitaji laktomita, kipimajoto, silinda ndefu ya plastiki au ya chuma, na beseni la maji ya baridi. Silinda iwe pana kuliko tumbo la laktomita kwa sentimita moja hivi kila upande, la sivyo kifaa kitagusa ukuta na kukwama mahali pasipo pake.

Kwanza, uliza maziwa yalikamuliwa saa ngapi. Swali hili si la kupitisha muda. Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele muda mfupi uliopita yana viputo vidogo vya hewa, na mafuta yake bado hayajaganda, hivyo huonekana mepesi kuliko yatakavyokuwa baadaye. Tofauti inaweza kufikia karibu alama moja. Inayofaa ni kusubiri saa tatu hivi baada ya kukamua. Kama haiwezekani, chukua sampuli, ipashe moto polepole mpaka nyuzi 40, iache hapo dakika tano, kisha ipoze mpaka karibu na nyuzi 20 ndipo upime.

Pili, changanya maziwa ya dumu zima kabla ya kuchota. Malai hupanda juu dumu likitulia, na ukichota juu utapata maziwa mepesi, ukichota chini utapata mazito, ilhali ni dumu lilelile. Changanya kwa kupindua dumu taratibu mara kadhaa, au kwa kumimina kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kutoa povu. Usitikise kwa nguvu, maana utaingiza hewa ileile unayoikimbia.

Tatu, mimina sampuli kwa kuitelezesha kwenye ukuta wa silinda iliyoinamishwa, ujaze karibu na mdomo. Ingiza kipimajoto. Asubuhi nyingi za Mwanza maziwa yaliyosafirishwa kwa baiskeli au pikipiki hufika yakiwa na nyuzi 27 mpaka 30, na huko ni mbali mno na 20. Simamisha silinda kwenye beseni la maji ya baridi mpaka sampuli ishuke na kuingia kati ya nyuzi 17 na 24. Masahihisho ya joto nitakayoyaeleza huaminika katika eneo hilo. Nje ya hapo yanaanza kupotoka.

Nne, shika laktomita safi na kavu kwa ncha ya juu ya shingo, ishushe taratibu mpaka karibu na alama 30, ndipo uiachilie. Ukiidondosha itazama kupita kiasi, na maziwa yatakayobaki yameganda kwenye shingo iliyo juu ya uso yataongeza uzito wa kifaa na kushusha usomaji. Kwa sababu hiyohiyo, laktomita yenye ukoko wa maziwa ya jana itaonyesha maziwa ya leo kuwa mepesi. Isubiri itulie kabisa, ikiwa haigusi ukuta.

Tano, weka jicho sawa na uso wa maziwa. Utaona maziwa yamepanda kidogo kuizunguka shingo. Kwa kuwa maziwa hayapitishi mwanga, huwezi kuona chini ya ukingo huo. Soma pale juu, maziwa yanapoishia kwenye shingo. Andika namba hiyo na joto la wakati huohuo, siyo joto la dakika kumi zilizopita.

Sita, sahihisha. Kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20, ongeza 0.2 kwenye usomaji. Kwa kila nyuzi moja iliyopungua, toa 0.2. Maziwa yenye nyuzi 23 yaliyosomeka 29 ni 29 na 0.6, yaani 29.6.

Masahihisho haya yanaonekana madogo, na ndiyo maana hupuuzwa. Lakini tazama maana yake. Maziwa mazuri ya alama 30 yakipimwa bila kupozwa, yakiwa na nyuzi 30, yatasomeka karibu 28. Kushuka huko kwa alama mbili ni sawa na kushuka kunakosababishwa na maji ya asilimia sita au saba. Mpokeaji asiye na kipimajoto anaweza kumkata mfugaji malipo kwa kosa la jua. Kituo ambacho kina laktomita lakini hakina kipimajoto hakipimi kitu.

Namba ya maziwa inasema nini

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa ghafi ya ng'ombe kinataka densiti iwe kati ya 1.028 na 1.036 kwa nyuzi 20. Ng'ombe wengi huangukia kati ya 28 na 33. Ndani ya maziwa kuna pande mbili zinazovutana. Protini, sukari ya maziwa na madini ni vizito kuliko maji na huipandisha namba. Mafuta ni mepesi kuliko maji na huishusha. Namba unayoisoma ni matokeo ya mvutano huo, na ndiyo sababu namba moja inaweza kuzaliwa na maziwa ya aina mbili tofauti.

Maji yakiongezwa, upande mzito unapungua nguvu na namba inashuka. Kwa kila asilimia kumi ya maji katika mchanganyiko, namba hushuka karibu alama tatu. Hesabu yake ni rahisi, kwa sababu maji yenyewe yanahesabiwa kama alama sifuri: toa namba ya leo kutoka kwenye namba ya kawaida, kisha gawanya kwa namba ya kawaida.

Chukua mfano wa mfugaji wa upande wa Kisesa ambaye daftari la kituo linaonyesha kwamba maziwa yake, wiki nzima, yamekuwa kati ya 29.5 na 30.5. Leo amefika na dumu la lita 20. Sampuli imepozwa mpaka nyuzi 23 na laktomita imesoma 26.5. Ukisahihisha unapata 27.1, tuseme 27. Kutoka 30 mpaka 27 ni alama tatu, na tatu kwa thelathini ni sehemu moja ya kumi. Kama sababu ni maji, basi lita mbili kati ya 20 ni maji.

Neno la kuangalia hapo ni "kama". Kabla ya kumkataa, mpokeaji ana mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kuuliza saa ya kukamua. Mfugaji akisema amekamua saa moja iliyopita, sampuli ipashwe moto na kupozwa kama nilivyoeleza. Huenda namba ikapanda hadi 28, ambayo bado iko chini ya kawaida yake lakini imeingia kwenye kiwango. La pili ni kuuliza hali ya mifugo. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yaliyopungua sukari yake ya asili, na namba hushuka bila mtu kuongeza tone la maji. Kipimo cha ugonjwa wa kiwele ni cha haraka na kifanyike hapohapo. La tatu, na ndilo la haki kuliko yote, ni kwenda zizini. Mpokeaji ashuhudie ng'ombe walewale wakikamuliwa mpaka mwisho, achanganye maziwa yote, apime baada ya muda unaotakiwa, na alinganishe. Yakisoma 30 zizini na 27 kituoni, maji yaliingia njiani. Yakisoma 27 zizini pia, hakuna aliyeiba, na kinachotakiwa ni daktari wa mifugo.

Sasa tazama upande wa pili, ambao laktomita peke yake haiuoni kabisa. Mtu mwenye maziwa ya alama 30 anaengua malai na kuyauza kando. Maziwa yaliyobaki yamepoteza sehemu yake nyepesi, hivyo yamekuwa mazito na yanasoma, tuseme, 35. Katika kila lita sita za maziwa hayo anaongeza lita moja ya maji. Thelathini na tano mara sita ni 210. Ukigawanya kwa saba unapata 30 kamili. Mnunuzi anapima, anaona 30, anaridhika, ilhali malai hayapo na sehemu moja kati ya saba ni maji. Kinachofichua hila hii ni kupima mafuta, ambako hufanywa kwa tindikali na mashine ya kuzungusha, au kwa mashine ya kielektroniki. Kituo kisicho na vifaa hivyo kinaweza angalau kushuku maziwa yanayosoma vizuri lakini hayatoi malai yakilazwa usiku, kisha kipeleke sampuli kwenye maabara. Maabara inaweza pia kupima joto ambalo maziwa huganda kuwa barafu. Kipimo hicho huyakamata maji hata namba ya laktomita inapokuwa safi.

Wapo pia wanaorudisha namba juu kwa kuongeza sukari, chumvi au unga. Unga hukamatwa kwa tone la ayodini kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ambayo hugeuka rangi ya bluu. Sukari na chumvi ni kazi ya maabara.

Namba ya juu kupita 34 nayo iulizwe. Huenda ni maziwa yaliyoenguliwa, huenda ni dang'a ya ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita. Maziwa yaliyoanza kuganda yasipimwe kabisa, kwa sababu laktomita haielei kwa uhuru ndani ya mabonge.

Betri: hidromita ileile kwa kanuni, siyo kwa matumizi

Hidromita iliyogusa tindikali isikaribie maziwa hata ikioshwa. Hata hivyo ni vigumu kuzichanganya, kwa kuwa ya betri hukaa ndani ya bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea juu na mrija mwembamba chini.

Inafaa kwa betri za risasi zenye vifuniko vinavyofunguka. Betri zilizozibwa, za jeli na za lithiamu hazipimwi hivi. Zile zilizozibwa zenye kijidirisha cha kijani juu zina kipira kinachoelea ndani, yaani hidromita ndogo, lakini kipira hicho kiko katika seli moja tu na hakijui lolote kuhusu nyingine tano.

Katika betri hakuna mvutano wa pande mbili kama kwenye maziwa. Betri inapotoa umeme, tindikali huingia kwenye sahani za risasi na maji huzaliwa mahali pake, hivyo densiti inashuka. Inapochajiwa, tindikali hurudi kwenye maji na densiti inapanda. Kwa betri nyingi za kawaida, joto likiwa nyuzi 27, 1.265 ni chaji kamili, 1.225 ni robo tatu, 1.190 ni nusu, 1.155 ni robo, na 1.120 ni betri iliyokwisha. Watengenezaji wengine hujaza tindikali nyepesi kidogo kwa ajili ya nchi za joto, kwa hiyo karatasi iliyokuja na betri yako ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, na weka karibu maji mengi na baikaboneti ya soda ya kumwagia tindikali ikidondoka. Hakuna sigara wala moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu na uende hospitali.

Zima chaja na taa, na uiache betri ipumzike saa kadhaa. Usiongeze maji kabla ya kupima, kwa kuwa maji mapya hukaa juu na mrija wako utafyonza maji hayo badala ya tindikali iliyochanganyika. Kama sahani zimeachwa wazi, ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka yazifunike tu, chaji betri, kisha ndipo upime. Maji ya ziwa na ya bomba yasitumike, kwa sababu chumvi zilizoyeyuka ndani yake hubaki na kudhuru sahani.

Zipe seli namba kuanzia upande wa chanya, ya 1 mpaka ya 6. Ingiza mrija, fyonza na urudishe tindikali mara mbili tatu ili kielea kipate joto la kimiminika, kisha fyonza ya kutosha kukielesha bila kukigusisha juu wala chini. Simamisha bomba wima, weka jicho sawa na uso, na usome kwenye usawa wa kimiminika chenyewe, siyo kwenye ukingo uliopanda shingoni. Tindikali irudishwe katika seli ileile. Kwa kila nyuzi tano juu ya 27 ongeza karibu 0.004; kwa kila tano chini yake, toa kiasi hichohicho.

Mfano: mvuvi wa dagaa anasema taa zake zinafifia kabla ya usiku wa manane. Betri ya volti 12 imepumzika, tindikali ina nyuzi 32. Seli zinasoma 1.225, 1.220, 1.225, 1.150, 1.220 na 1.225. Kila moja ikiongezwa 0.004, tano ziko karibu na 1.225 na ya nne iko 1.154.

Hapa ndipo hidromita inapoishinda voltimita. Volti ya seli iliyopumzika ni densiti yake ukijumlisha 0.84. Ukizijumlisha seli hizi sita unapata volti 12.33, na mtu mwenye voltimita pekee atasema betri ina theluthi mbili ya chaji na haina tatizo. Tatizo limejificha ndani ya jumla. Seli tano zina robo tatu na moja ina robo. Hiyo moja ndiyo itakayokwisha mapema na kuzima taa ziwani.

Tofauti ya 0.050 au zaidi kati ya seli ni dalili, siyo hukumu. Chaji betri kwa utulivu mpaka usomaji wa seli, ukichukuliwa kila baada ya saa moja, usibadilike mara tatu mfululizo. Iache ipumzike, upime tena. Seli ya nne ikipanda na kuwafikia wenzake, ilikuwa imeachwa nyuma na chaji pungufu za mara kwa mara, na dawa yake ni kuchaji mpaka mwisho kila siku. Nyingine zikifika 1.265 na ya nne ikabaki 1.180, sahani zake zimeharibika au zimegusana, na betri haitarudi kwenye kazi ya usiku mzima. Zote sita zikikwama kwa usawa kwenye 1.200, ama sahani zimeganda salfa kwa kukaa muda mrefu bila chaji, ama tindikali ilimwagika na kujaziwa maji.

Katika hali hizo kuna fundi atakayeongeza tindikali kwenye seli dhaifu. Hidromita itapanda papo hapo mpaka 1.250, na mwenye betri ataona imepona. Lakini tindikali hiyo haikutoka kwenye sahani, kwa hiyo haina chaji yoyote nyuma yake, na ukali uliozidi utazila sahani zilizobaki. Baada ya hapo usomaji wa seli hiyo hauwezi kulinganishwa tena na wa nyingine. Ukinunua betri iliyotumika, iwashie taa ya gari kwa nusu saa, iache itulie, kisha uipime upya: seli ikionyesha densiti ya juu ilhali volti ya betri iliporomoka taa ikiwaka, huenda seli hiyo imeongezewa tindikali, na bei ya betri hiyo ni ya chuma chakavu.